Kibodi ilikuwa inakata na kurudi yenyewe: nilivyousaka ubovu hadi kwenye waya mweupe

Kinachoniudhi kwenye kazi hii ni ushauri wa "piga Windows upya". Kuna dada kaleta kompyuta ya mezani na kibodi yake, anasema akiwa anaandika kibodi inakufa, sekunde chache inarudi, na alikotoka wameshampigia Windows zaidi ya mara moja, wakamwambia sasa imebaki madabodi. Mimi bado najifunza ufundi, bosi akaniachia ile kazi nihangaike nayo.

Kwetu mezani kibodi ikagoma kabisa kukata. Niliandika muda mrefu, hakuna kitu. Hapo ndipo wengi wanamrudishia mteja wakisema ni nzima. Mimi nikamwambia, "Dada, hebu niwekee kama unavyoiweka ofisini." Akasema meza yake ina kile kitreyi cha kuvuta, kibodi inakaa humo, waya unapita nyuma. Akanionyesha kwa mkono, na nikaona waya unakunjwa kwa kona kali pale pale unapotokea kwenye kibodi, na kila akivuta au kusukuma treyi unakunjwa tena.

Nikawasha kompyuta kwa fleshi ya Linux ili Windows yake isihusike kabisa, nikafungua `sudo dmesg -w`. Hii inaandika papo hapo kila kifaa kinachoingia na kutoka. Kisha nikaanza kuukunja waya taratibu kuanzia kwenye plagi, kipande kidogo kidogo, huku mkono mwingine umeshikilia sehemu iliyobaki isitikisike. Usiutikise waya wote kwa pamoja, utajua tu kwamba ni mbovu, hutajua ni wapi. Plagi haina shida, katikati hakuna shida, nikafika karibu na kibodi, nikakunja kidogo kuelekea kushoto:

```
usb 1-2: USB disconnect, device number 7
usb 1-2: new low-speed USB device number 8 using xhci_hcd
```

Nikakunja tena, namba ikapanda tena. Nilifurahi mno! Maana yake kompyuta haikuwa inagoma kusoma herufi, ilikuwa inaona kama mtu kaichomoa kibodi kisha kaichomeka. Nikachomeka mausi kwenye porti ile ile, nikaacha muda, haikukata, kwa hiyo porti na madabodi havina kosa. Nikabandika kipande cha tepu pale pa kukatia.

Kilichobaki ni waya upi kati ya ile minne ya ndani. Nikafungua kibodi, ndani waya unaishia kwenye soketi ndogo ya bodi, nikaichomoa nikapima kwa multimita kutoka kila pini ya plagi hadi upande wa pili. Waya ukiwa umenyooka zote nne zinalia, na hapa ndipo mtu anadanganyika, kwa sababu nyuzi zilizokatika ndani ya ganda zinagusana tu waya ukinyooka. Nikapima upya huku naukunja penye tepu. Mwekundu unalia, mweusi unalia, kijani unalia, mweupe kimya. Kwenye kibodi hii ya spidi ndogo huo mweupe ndio D-, na ndio unaoijulisha kompyuta kwamba kuna kifaa, kwa hiyo ukiachia tu, kompyuta inahesabu kibodi imetoka. Ila usiamini rangi peke yake, nyaya za bei rahisi zinachanganya rangi, pima pini kwa pini.

Nikakata kama sentimita 4 pale palipochoka. Nilipochuna ganda nikaona nyuzi za mweupe zimekatika karibu zote, zimebaki ncha ncha. Za wengine hazikuwa na shida. Nikaunga kwa risasi rangi kwa rangi, viungo nikavipishanisha visikae sehemu moja ili hata mpira ukisogea visigusane, kila kimoja na mpira wake wa kubana kwa joto. Kabla ya kuchomeka nikapima mwekundu na mweusi kuhakikisha hakuna shoti, maana hapo kuna volti 5 za kompyuta ya mtu. Ndani ya kibodi nikaubana waya kwa zipu tai ili ukivutwa usivute soketi.

Nikarudi kwenye `dmesg -w`, nikaukunja kila upande kwa nguvu kuliko treyi inavyoweza, hakuna mstari hata mmoja mpya. Dada alipofika nikampa kile kipande kilichokatwa akikunje mwenyewe, nikamwambia waya uachwe na mkunjo mpana nyuma ya treyi, usibanwe na ukingo wa meza. Akauliza, "Kwa hiyo madabodi sinunui?" Nikamwambia hununui.