Kuipanua picha ya babu bila kumnenepesha

Jana nililazimika kuigeuza picha ya babu, aliyeketi gatini hapa Lamu, kutoka pikseli 1080 kwa 1350 hadi mraba wa 1350 kwa 1350. Kuivuta picha nzima kungemnenepesha kwa robo, kwa hiyo niliongeza pikseli 270 upande wa kulia pekee, anakotazama bahari. Anga, iliyokuwa haina wingu, niliichagua peke yake nikaivuta, na haikuonyesha dalili yoyote. Bahari ilikataa: mawimbi yaliyovutwa yaligeuka michirizi, ndipo nikanakili kipande cha maji ya pembeni, nikakipindua kama kwenye kioo, kisha nikafuta kwa brashi laini wimbi lililojirudia. Kumbe kamera ilikuwa imeinama, na mstari wa upeo wa macho ukavunjika penye kiungo. Ilinibidi niunyooshe kwanza, nianze upya.