Jibu refu, tafsiri fupi: nilivyorudisha maneno ya mhojiwa

Tukihoji wachuuzi wa samaki Kisumu, mama mmoja alieleza kwa Kijaluo karibu dakika mbili. Mkalimani akanipa kwa Kiswahili: "Anasema mkopo ulimsumbua." Tungenakili hilo pekee, uchambuzi wa Kiingereza ungekuwa wa maneno ya mkalimani. Hiyo "anasema" ndiyo dalili kwamba mkalimani anasimulia kwa maneno yake.

Kwa mahojiano yaliyofuata, nilimwomba mkalimani atafsiri kila baada ya sentensi mbili tatu, kwa nafsi ya kwanza. Rekodi ya mama nilimpa mnakili mwingine mjuzi wa Kijaluo: safu moja maneno yake mwenyewe, nyingine Kiingereza, dakika za rekodi pembeni. Ndipo ikajitokeza kwamba pesa za mkopo zilichukuliwa na mumewe. Kazi hii huenda polepole sana, lakini misimbo yetu, yaani majina ya mada tunayoyapa majibu wakati wa uchambuzi, sasa inatokana na safu ya mama.