Nguru wa Kilo Sita

Usaili wa maneno haukuchukua muda. Shefu wa ile hoteli ya ufukweni, huku Kunduchi, alitazama vyeti vyangu, akaniuliza Tanga nilikuwa napika wapi, akafunga faili. "Dada, mengine tutaongelea jikoni." Tulikuwa wanne tunaogombea nafasi moja ya mpishi wa samaki. Ulikuwa mwezi wa pili, joto la Dar es Salaam limeshika kwelikweli, na jikoni mle majiko yote ya mkaa na ya gesi yalikuwa yanawaka kwa ajili ya chakula cha mchana.

Kila mmoja alipewa kreti ya nguru wawili waliotoka soko la samaki la Feri alfajiri, mizani, kipima joto cha kuchoma, karatasi na kalamu. Kazi ilikuwa kupika samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, lakini kabla ya kugusa moto tuandike sahani hiyo iuzwe bei gani. Baada ya hapo tungeingia kwenye oda za wageni, shefu akikagua kila sahani kabla haijatoka.

Nguru wangu mmoja alikuwa amefukiwa kwenye barafu. Wa pili alilazwa juu ya kifuniko cha kreti, na kwa macho tu alikuwa mzuri: macho yanang'aa, matamvua mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Nikamchoma kipima joto penye mnofu mnene, karibu na uti wa mgongo. Nyuzi 16. Yule wa kwenye barafu alikuwa 3.

Nikamtenga yule wa nyuzi 16, nikamwambia shefu simpiki. Nguru na jodari ni samaki ambao, wakikaa kwenye joto, bakteria hugeuza nyama yao ikatengeneza histamini, na histamini ikishaingia haitoki. Haiuliwi kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha, na samaki anaweza asinuke kabisa. Anayemla uso humwiva na kuwasha, kichwa humgonga na moyo humwenda mbio, mara nyingine hata sahani haijaondolewa mezani, na watu hudhani ana mzio wa samaki. Niliwahi kuyaona hayo kwenye shughuli ya harusi, kwa wageni wa meza moja waliopakuliwa kutoka sinia moja. Tangu siku hiyo jicho na pua silinganishi na kipima joto.

"Ukimkataa, wageni watakula nini?" shefu akauliza.

"Watakula huyu mmoja, Shefu. Akiisha tutawaambia ameisha."

Hakujibu. Alimchukua yule nguru akamtupa kwenye ndoo ya taka, na hapo ndipo nilipojua aliwekwa pale makusudi.

Aliyebaki alikuwa na kilo 6 kamili. Nikachukua ubao wa buluu, ule wa samaki wabichi, nikampasua. Minofu niliyoipata ilikuwa kilo 3.6, kichwa na mifupa kilo 1.8, na kilichobaki kilikuwa utumbo na mapezi. Hapa ndipo wapishi wengi wazuri wanapopoteza pesa za tajiri bila kujua. Nguru tuliambiwa amenunuliwa shilingi 15,000 kwa kilo, kwa hiyo sahani ya gramu 180 unaweza kuiandika shilingi 2,700 ukaendelea na mambo yako. Lakini mgeni hali kichwa wala utumbo. Samaki mzima amegharimu 90,000, na kinachoingia kwenye sahani ni kilo 3.6 tu, maana yake kilo ya mnofu ni 25,000. Gramu 180 zake ni shilingi 4,500. Zaidi ya mara moja na nusu ya ile hesabu ya haraka.

Nikaongeza nazi, mchele, viungo, ndimu, kachumbari na mkaa, jumla 2,700. Sahani ikafika 7,200. Shefu alitaka gharama ya chakula isizidi asilimia 30 ya bei, kwa hiyo nikagawa kwa 0.3, nikapata 24,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 mgeni analipa 28,320. Chini yake nikaandika kitu kimoja zaidi: kwa gramu 180 samaki huyu anatoa sahani 20, lakini tukikata kwa macho zikawa gramu 200, zinatoka 18. Sahani mbili zimeondoka na hakuna aliyeiba. Ndiyo maana kila kipande nilikipima.

Kalamu ile ilikuwa imepita mikononi mwa watu wote. Nilipoiweka chini nilinawa tena kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla ya kurudi kwenye mnofu, na nilimwona shefu anatazama sinki, hatazami karatasi.

Mchana ukafika. Samaki wa kupaka anahitaji mikono miwili yenye tabia tofauti. Samaki kwenye mkaa anataka moto mkali kwanza, ashike rangi asing'ang'anie wavu. Rojo la kumpaka linataka moto mdogo. Tui jepesi unalichemsha na kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili mpaka lipungue. Tui zito linaingia mwisho, unakoroga bila kuacha, na ndimu unaikamua ukishaepua. Ukiliharakisha linakatika: mafuta yanaelea juu, chini yanabaki machicha kama ya maziwa yaliyoganda, na ukimpaka samaki linateleza lote linadondokea kwenye makaa.

Zikaingia oda nne kwa mkupuo. Weita akawa anapiga kelele kaunta, meza ya watoto inalia njaa. Kijana jirani yangu, fundi kweli wa kisu, akapandisha moto wa rojo ili awahi, likamkatika. Akaanza upya, moto juu tena, likakatika tena. Jasho lilikuwa linamtiririka akalifuta kwa kitambaa kilekile cha kufutia ubao.

Mimi nilizisoma oda zote nne kwanza. Moja ilikuwa bila pilipili, ya mtoto, kwa hiyo kabla sijatia pilipili nikachota rojo lake kwenye kisufuria cha pembeni. Nikaweka vipande vyote vinne mkaani pamoja, maana vinaiva muda mmoja, na rojo nikaliacha kwenye moto wake uleule. "Kaka, dakika nane," nikamwambia weita. Ukimtajia mtu dakika anatulia. Ukimwambia "inakuja" anarudi kila baada ya nusu dakika. Vipande nilivipaka mara tatu, kila safari nikingoja rojo likauke kidogo lishike. Zilitoka zote nne pamoja.

Saa tisa moto ulipopungua, shefu akafungua friji ya upande wangu. Ndani kulikuwa na chombo chenye kichwa na mifupa juu ya barafu, kimefunikwa, kimebandikwa tarehe na saa.

"Hii mbona hujaitoa kwenye gharama? Ni kilo karibu mbili."

"Kwenye menyu yenu hakuna supu ya samaki, Shefu. Nikipunguza gharama kwa kitu kisichouzwa, bei itakuwa ya uongo."

Akarudisha kile chombo, akafunga friji. "Supu itaingia kwenye menyu Ijumaa. Pigia hesabu yake, uje nayo Jumatatu pamoja na cheti chako cha afya. Na kisu chako, hivi vya humu ni butu."