Kumbukumbu ya mradi: kutoka namba mbili za ramani mpaka saa ya jua kuchomoza

Siku ya 1

Jamaa yangu anapanga safari ya baiskeli mwezi Desemba, atapita Kashgar, magharibi kabisa mwa China, na amebeba paneli ndogo ya kukunja ya kuchajia betri yake. Akanitumia koordineti, 39.47 na 75.99, akauliza swali moja tu: jua linachomoza saa ngapi na linazama saa ngapi tarehe 21, apate kujua ana masaa mangapi ya kuchaji na ya kuendesha. Nikasema hiyo kazi ya jioni moja. Imechukua wiki mbili, na sehemu iliyonila muda si ile niliyoiogopa.

Kabla sijaendelea, masaa yote niliyoandika kwa tarakimu humu ni ya mfumo wa 24, yaani 10:13 ni saa nne na dakika 13 asubuhi.

Hesabu yenyewe nilianza na hii, ni fomula fupi ya makadirio, n ni namba ya siku katika mwaka na majibu ni dakika tangu saa sita usiku ya UTC, ile saa ya dunia ambayo saa za nchi zote zinapimwa kwayo:

```python
from math import *

def jua(lat, lon, n, h0=-0.833):
    B = radians(360/365*(n-81))
    eot = 9.87*sin(2*B) - 7.53*cos(B) - 1.5*sin(B)
    d = radians(23.45)*sin(B)
    f = radians(lat)
    c = (sin(radians(h0)) - sin(f)*sin(d)) / (cos(f)*cos(d))
    H = degrees(acos(c))
    kati = 720 - 4*lon - eot
    return kati - 4*H, kati, kati + 4*H
```

Maana yake si ngumu. Dunia inazunguka digrii 360 kwa masaa 24, kwa hiyo digrii moja ya longitudo ni dakika 4, ndo maana unaona 4*lon pale. Kile eot ni marekebisho, kwa sababu jua halifiki juu kabisa kwa wakati uleule kila siku ya mwaka, kuna siku linatangulia saa ya ukutani na kuna siku linachelewa, kwa fomula hii inafika kama dakika 16 hivi mwanzoni mwa Novemba. d ni jua liko kaskazini au kusini kiasi gani mwa ikweta siku hiyo, na H ni nusu ya mchana ikipimwa kwa digrii.

Ile -0.833 ya h0, yaani mwinuko wa jua kwa digrii kutoka upeo wa macho, ilinisumbua mpaka nikaielewa. Kwa nini isiwe sifuri? Kwanza tunahesabu jua limechomoza pale ukingo wake wa juu unapoonekana, si katikati yake, na nusu ya upana wa jua ni kama sehemu 16 za digrii (digrii moja ina sehemu 60). Pili hewa inapinda mwanga, kwa hiyo jua unaloliona kwenye upeo wa macho kwa kweli liko chini yake kwa sehemu kama 34. Jumla 50, gawa kwa 60, ndo 0.833. Ukiweka sifuri mchana wako unapungua dakika kadhaa, na ukilinganisha na kalenda yoyote utaona kuchomoza kwako kunachelewa na kuzama kunawahi, hiyo ndo dalili.

Siku ya 2

Nikaendesha, ikaanguka na ValueError kwenye acos. Nilikaa nayo saa nzima nikidhani fomula imeharibika kumbe koordineti nilikuwa nimezichukua kwenye faili la GeoJSON, na GeoJSON inaanza na longitudo halafu latitudo, wakati ramani za simu nyingi zinaanza na latitudo. Kwa hiyo programu yangu ilikuwa inauliza jua la 75.99 kaskazini na 39.47 mashariki, hapo ni katikati ya Bahari ya Barents, na tarehe 21 Desemba huko jua halichomozi kabisa. Thamani ya c, ambayo ni kosaini ya H, ilikuwa kama 1.67 na hakuna pembe yenye kosaini kubwa kuliko 1. Yaani hesabu ilikuwa inasema ukweli, mimi ndo nilikuwa siisikilizi!

Hilo limenifundisha jinsi ya kulishika hilo kosa: c ikizidi 1 jua halichomozi siku hiyo, ikishuka chini ya -1 halizami. Sasa naiangalia kabla ya acos na narudisha maneno badala ya kuanguka, na kama mahali siyo karibu na ncha za dunia basi kitu cha kwanza kushuku ni namba zimebadilishana nafasi.

Baada ya kuzigeuza: kuchomoza 02:13, jua juu kabisa 06:55, kuzama 11:36, zote UTC. Mchana wa masaa 9 na dakika 23.

Siku ya 4

Hapa ndipo penye shida niliyoidharau. Nilitaka kugeuza UTC kuwa saa ya pale, nikafanya ujanja ambao nimeuona sehemu nyingi: longitudo gawa kwa 15, zungusha. 75.99 kwa 15 ni 5.07, kwa hiyo UTC+5, jua linachomoza 07:13 na kuzama 16:36. Inapendeza, inaonekana kama asubuhi ya kawaida ya majira ya baridi, nikamtumia jamaa.

Ni makosa. China nzima kisheria inatumia UTC+8, kutoka pwani ya mashariki mpaka Kashgar. Saa rasmi pale jua linachomoza 10:13 na linazama 19:36, na jua liko juu kabisa saa 14:55, yaani saa tisa kasoro dakika tano mchana. Masaa matatu ya tofauti! Kama treni yake ni saa 8:30 asubuhi kwa ratiba rasmi, atapanda gizani, wakati mimi nilishamwambia jua litakuwa limechomoza zamani. Nilimpigia simu siku hiyohiyo.

Jua linafuata hesabu ila saa ya ukutani inafuata uamuzi wa serikali, kwa hiyo huwezi kuikokotoa, lazima uitafute kwenye orodha. Nepal wako UTC+5:45, hakuna kugawa kwa 15 kutakakokupa hiyo. Orodha inayotumika na karibu kila kompyuta ni tz database ya IANA, na njia sahihi ni hatua mbili: kwanza koordineti zinalinganishwa na ramani ya mipaka ili kupata jina la eneo, halafu jina linakupa tofauti na UTC kwa tarehe unayoitaka.

```python
from timezonefinder import TimezoneFinder
from zoneinfo import ZoneInfo

jina = TimezoneFinder().timezone_at(lng=75.99, lat=39.47)
eneo = ZoneInfo(jina)
```

Hifadhi jina, usihifadhi ile +8 yenyewe. Nchi nyingi zinasogeza saa kiangazi, na Morocco wanakaa UTC+1 mwaka mzima isipokuwa Ramadhani wanarudi UTC+0, na Ramadhani inahama kila mwaka, kwa hiyo namba uliyoandika leo inaweza kuwa uongo kwenye tarehe ya safari.

Na hata hapo Kashgar ina mtego wake. Kwenye orodha kuna Asia/Shanghai yenye UTC+8 na kuna Asia/Urumqi yenye UTC+6, kwa sababu watu wengi wa eneo hilo wanatumia saa yao isiyo rasmi iliyo nyuma kwa masaa mawili. Sehemu moja, saa mbili. Programu haiwezi kujua unayepanga naye anatumia ipi, kwa hiyo nimeacha nafasi ya kuandika jina kwa mkono, na jamaa nimemwambia akipewa miadi aulize kwanza ni saa gani hiyo.

Siku ya 7

Nikajaribu sehemu ngumu makusudi. Kiritimati, kisiwa cha Kiribati, longitudo -157.4. Ujanja wa kugawa kwa 15 unatoa UTC-10, orodha inasema UTC+14, kwa sababu mwaka 1995 Kiribati walisogeza mstari wa tarehe ili nchi yote iwe siku moja. Sasa angalia: tofauti kati ya -10 na +14 ni masaa 24 kamili, kwa hiyo saa inayotoka ni ileile, jua juu kabisa 12:28, na hakuna kitakachokushtua. Kilichokosewa ni tarehe tu.

Na hata ukitumia +14 sahihi, programu yangu bado ilikosea, niliomba tarehe 21 ikanipa jua la tarehe 22, kwa sababu 22:28 UTC ya tarehe 21 ukijumlisha masaa 14 umeshavuka usiku. Dawa niliyoweka: baada ya kugeuza, naangalia tarehe ya jua-juu-kabisa kwa saa ya pale, kama siyo tarehe iliyoombwa nasogeza siku moja. Natumia jua juu kabisa na si kuzama, kwa sababu lenyewe liko mbali na saa sita usiku, haliyumbi.

Siku ya 12

Rudi kwenye paneli. Masaa 9 na dakika 23 si masaa ya kuchaji, maana jua likiwa chini sana paneli iliyolazwa haipati kitu cha maana. Nikabadilisha h0 kutoka -0.833 kuwa 10, fomula ileile, inakupa muda ambao jua liko digrii 10 au zaidi: 11:23 mpaka 18:26 saa rasmi, kama masaa 7 tu. Na hata jua likiwa juu kabisa siku hiyo linafika digrii 27 hivi (90 toa 39.47 toa 23.45), kwa hiyo aisimamishe paneli kwa mwinuko wa kama digrii 63 ikiangalia kusini, na kama anaiegesha mara moja tu basi kipimo chake ni saa 14:55 na si saa sita mchana. Akiielekeza kwenye jua saa sita ya saa rasmi atakuwa ameielekeza kwenye jua la asubuhi.

Siku ya 14

Kilichobaki ni milima. Fomula inadhani upeo wa macho ni bapa kama bahari. Kama upande wa jua kuna kilima kinachofika digrii 6, weka h0=6 na kuchomoza kunaruka kutoka 10:13 mpaka 10:56, dakika 43 zimeenda. Nilichokosea mwanzo ni kupima kilima pale jua linapochomoza kwenye upeo bapa, kama digrii 120 za dira, wakati jua linapanda kwa mshazari na likifika digrii 6 limeshasogea mpaka kama 127. Pima kilima hapo kwenye 127, kwa apu ya simu ya kupimia mwinuko inatosha, na kama kilele kiko tofauti rudia hesabu na namba mpya. Jamaa atanitumia vipimo vya kambi yake ya kwanza akifika.