Namna nilivyojifunza kukadiria vifaa vikavu vya zege

Sakafu niliyokuwa naisimamia ilikuwa na urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na unene wa sentimita 10, yaani mita za ujazo 1.2 za zege. Uwiano ulikuwa 1:2:4, kwa hiyo niligawa 1.2 kwa 7, nikapata mita za ujazo 0.171 za saruji, mara mbili yake mchanga na mara nne yake kokoto. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35, hivyo nikaagiza mifuko mitano. Hesabu ilionekana safi, na hakuna aliyeitilia shaka.

Siku ya kumwaga, zege liliishia mita 2.6 kutoka ukuta tulioanzia. Sehemu ya mita 1.4 ilibaki kifusi kitupu, na fundi akalazimika kuweka ubao ukingoni ili kazi isimame kwenye mstari ulionyooka. Nilidhani tumeibiwa mchanga, au vijana wamejaza ndoo nusu nusu, lakini fundi alikataa kabisa. Aliniambia, “Vifaa vyote vimeingia. Wewe umepima vikavu ukavihesabu kama zege.”

Ili nimwelewe, alichukua kopo la lita 2 na kupima kopo moja la saruji, mawili ya mchanga na manne ya kokoto, jumla lita 14. Tulichanganya vikiwa vikavu, tukatia maji yapatayo lita moja na nusu, kisha tukashindilia mchanganyiko ndani ya ndoo yenye alama za lita. Haukufika hata lita 10. Ulisimama kwenye lita 9 na kidogo. Ukigawa 14 kwa ujazo huo unapata kama 1.5, na hiyo ndiyo nusu ya ziada ambayo mimi sikuiweka.

Kilichopotea ni hewa. Kokoto zikijazwa kwenye kopo hugusana kwenye ncha tu, na nafasi zilizo baina yake zinaweza kufika asilimia 40 au zaidi ya kopo zima. Anayetaka kuhakikisha na ajaze ndoo ya lita 20 kwa kokoto kisha aone maji mangapi yanaingia kabla hayajafurika. Mchanga nao una mianya yake, na hata unga wa saruji uliolegea ni zaidi ya nusu hewa. Vinapochanganywa, mchanga huingia kati ya kokoto, saruji na maji huingia kati ya chembe za mchanga, na kushindilia hutoa sehemu kubwa ya hewa iliyosalia. Ndiyo maana maji, ingawa ni kitu kilichoongezwa, hayaongezi ujazo kwa kiasi chake chote, kwa sababu mengi yanakalia nafasi zilizokuwa za hewa.

Makadirio mengi hutumia kizidishi cha 1.54. Nilirudia hesabu yangu kwa utaratibu huo: 1.2 mara 1.54 ni takriban 1.85, nayo ukiigawa kwa 7 unapata 0.264 ya saruji, yaani mifuko saba na nusu, ambayo dukani ni minane. Mchanga unakuwa 0.53 na kokoto 1.06. Hapo ndipo niliposadiki, kwa sababu 1.2 ukiigawa kwa 1.54 unapata 0.78, na hicho ndicho kiasi kilichotosha mita 2.6 tulizomwaga.

Ni muhimu kusema kwamba nyongeza hii si ya upotevu. Zege linalomwagika njiani au kuzama kwenye mashimo ya kifusi huhesabiwa kando, juu ya 1.54. Tena namba yenyewe si ya kudumu: kokoto za saizi moja zina mianya mingi kuliko zilizochanganyika kubwa na ndogo, kwa hiyo kwa kazi kubwa ningerudia jaribio la kopo kwa vifaa vyenyewe vilivyopo.

Sehemu iliyobaki ilihitaji mita za ujazo 0.42 za zege, sawa na 0.65 za vifaa vikavu, na mifuko mitatu ya saruji. Usiku wa kuamkia kazi mvua ilinyesha na mchanga ukapata unyevu. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, pengine kwa robo nzima, kwa kuwa utando wa maji husukuma chembe zikaachana. Ukiupima kwa ndoo unapata mchanga pungufu bila kujua. Fundi aliniagiza niongeze ndoo moja kwa kila nne za mchanga. Tulifika ukuta wa upande wa pili, na zege lililobaki halikujaza karai moja.