Onyo lije kabla ya soko: ninavyokumbusha hisa na marejesho kwenye kikundi chetu cha Mpondwe

Mimi ni katibu wa kikundi cha akiba na mikopo hapa Mpondwe, Uganda, mpakani na Kongo. Tunakutana kila Alhamisi alasiri. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Hisa moja ni shilingi 5,000, na mwanachama ananunua kuanzia moja hadi tano kwa kikao. Mkopo unarudishwa kwa awamu za wiki nne nne, riba ni asilimia 5 ya deni lililobaki.

Wengi wetu ni wachuuzi, na soko kubwa hapa ni Jumanne na Ijumaa. Hapo ndipo ilipo siri nzima ya kukumbushana. Ukimwambia mama muuza vitenge Jumatano jioni kwamba kesho ni marejesho, pesa ya Jumanne ameshaigeuza mzigo mpya. Hajasahau deni wala hakatai kulipa, ila pesa yake imelala ndani ya vitenge. Kwa hiyo sihesabu siku za onyo kwa kuangalia siku ya kulipa peke yake. Naangalia pesa ya mtu huyo inaingia lini, na ujumbe wangu unamfikia jioni ya kuamkia siku hiyo.

Kwa hisa, wachuuzi wote wanapata ujumbe mmoja Jumatatu saa moja jioni, basi. Siandiki kiasi, maana kila mtu anajichagulia idadi ya hisa. Kwa mikopo natuma mara tatu: siku saba kabla, siku tatu kabla, na asubuhi ya kikao. Siku saba kabla ya Alhamisi ni Alhamisi iliyotangulia, kwa hiyo mtu bado ana masoko mawili mbele yake. Siku tatu kabla ni Jumatatu, na limebaki soko moja. Ujumbe wa asubuhi ni wa kutaja saa ya kikao tu, kwa sababu kufikia hapo pesa ipo au haipo.

Nichukue mkopo mmoja tulioutoa Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, wa shilingi 300,000 kwa awamu tatu. Awamu ya kwanza ilikuwa 100,000 na riba 15,000, jumla 115,000. Ya pili ni 110,000, kwa kuwa deni lilishapungua na riba imeshuka hadi 10,000. Ya tatu ni 105,000.

Tarehe ndizo zenye mtego. Februari ile ilikuwa na siku 28, kwa hiyo wiki nne ziliangukia tarehe 6 Machi. Mkopaji akaona alichukua tarehe 6 na analipa tarehe 6, akatulia akijua kila mwezi ni tarehe 6. Lakini wiki nne zinazofuata zinaishia 3 Aprili, siku tatu kabla ya hiyo tarehe aliyoishika kichwani. Ndiyo maana ujumbe wangu hautaji "mwisho wa mwezi" wala "mwezi ujao". Unataja siku, tarehe, kiasi na masoko yaliyobaki. Ule wa tarehe 27 Machi uliandikwa hivi:

"Mama, awamu ya pili ni Alhamisi 3 Aprili, 110,000. Una masoko mawili: Ijumaa na Jumanne. Ukitenga 55,000 kila soko, umemaliza."

Huo unaenea kwenye SMS moja, ambayo mwisho wake ni herufi 160, na unasomeka vizuri hata kwenye kasimu kadogo ka batani. Kugawa kiasi kwa masoko ndiko wanachama walikokupenda zaidi. Laki na elfu kumi kwa mkupuo inatisha, lakini hamsini na tano baada ya mauzo ya Ijumaa mtu anaifunga kwenye leso yake siku hiyohiyo.

Awamu ya tatu iliangukia 1 Mei, Sikukuu ya Wafanyakazi, na kikao kikarudishwa nyuma hadi Jumatano tarehe 30. Siku ya kikao ikihama, maonyo yote yanahama nayo. Tarehe nazipanga kwenye Google Sheets katika simu yangu. Siku ya mkopo iko B2, awamu ya kwanza iko C2, na maonyo mawili yanafuata:

```
C2: =B2+28
D2: =C2-7
E2: =C2-3
```

Awamu zinazofuata ni `=B2+56` na `=B2+84`. Kikao kikihamishwa, naandika tarehe mpya juu ya fomula ya awamu na maonyo yanajipanga upya. Halafu naangalia kalenda, kwa sababu fomula haijui soko. Kwa kikao cha Jumatano tarehe 30, siku tatu kabla ni Jumapili. Nikaupeleka ujumbe Jumatatu tarehe 28 mwenyewe, ili uwe jioni ya kuamkia Jumanne.

Kutuma ni kazi ya Google Messages: nabonyeza kitufe cha kutuma bila kukiachia, nachagua siku na saa. Simu lazima iwe imewashwa, ina mtandao, na bando la SMS halijaisha. Kwa hiyo jioni ya kutuma nafungua na kuhakikisha ujumbe umetoka.

Si kila mtu anaishi kwa soko. Kijana wetu wa bodaboda anapata pesa kila siku, kwa hiyo onyo lake la siku saba lina kiasi cha kutenga kila jioni. Mwalimu anakumbushwa mshahara unapoingia, hata kama awamu yake bado iko mbali. Anayevuka Kasindi kwenda Beni anaambiwa kabla hajavuka, maana akishafika huko laini yake ya Uganda haipatikani.

Simu nyingine ni za familia nzima, na deni la mtu si habari ya wote wanaoishika. Kabla ya mkopo kutoka namuuliza mkopaji pembeni, "Mama, simu hii mnaishika wangapi?" Kama si yake peke yake, tunakubaliana maneno. Yeye na mimi tunajua kwamba "njoo na kijitabu Alhamisi" ni onyo la marejesho. Kiasi nakiandika kwenye karatasi ndogo ndani ya kijitabu chake wiki moja kabla. Asiye na simu kabisa anapelekewa habari na jirani aliyemchagua mwenyewe.

Utafiti wa Ximena Cadena na Antoinette Schoar wa mwaka 2011, kwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo hapahapa Uganda, ulionyesha kuwa ujumbe wa kukumbusha uliwasaidia watu kulipa kwa wakati, karibu sawa na kuwapunguzia riba. Naamini, lakini nimeona pia mahali ujumbe unapokwama. Mtu ambaye mzigo wake umeoza au mtoto wake amelazwa halipi kwa kukumbushwa, na ukimsukuma sana atakimbilia mkopeshaji wa mtaani ili alipe sanduku, deni la pili juu ya la kwanza.

Kwa watu hao, onyo la siku saba linanipa jibu mapema. Akiniandikia Alhamisi ile, "Katibu, mwezi huu sitaweza," tuna wiki nzima. Naongea na mwenyekiti, na kikao kinaamua alipe riba peke yake huku deni lisogezwe wiki nne. Jibu hilohilo likija saa moja kabla ya kikao, watu wameshakusanyika wakitegemea pesa hiyo kwa mkopo wa mwenzao, na mazungumzo yanakuwa ya faini. Aliyenyamaza kwenye ujumbe wa kwanza nampigia Jumamosi, simuachii ujumbe wa pili peke yake.

Orodha ya tarehe zote naiandika pia kwa kalamu na kuibandika ndani ya mfuniko wa sanduku, ili nikiugua mweka hazina ajue Jumatatu hiyo ni nani wa kupigiwa.