Sifuri ndiyo iliyonisaidia: nilivyouliza wanachama wetu wanahitaji nini kabla ya mkutano

Mimi ni katibu wa umoja wa kina mama wanaokausha dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Tuko sitini na wanne. Wengi tunakaa karibu na mwalo, wachache wanatoka vijiji vya mwambao, kule ambako Kiha ndiyo lugha ya nyumbani na Kiswahili ni cha sokoni.

Mwaka juzi, chini ya barua ya kuitisha mkutano mkuu, niliandika: "Wenye ulemavu wenye mahitaji maalumu wapige simu namba hii." Hakupiga mtu. Nikajiambia hakuna mwenye shida, nikaendelea na mambo yangu. Siku ya mkutano nikamwona mwenzetu mmoja ambaye ni kiziwi amekaa nyuma saa tatu nzima. Tulipopiga kura ya kuongeza makato ya turubai, aliwaangalia jirani zake, walipoinua mikono naye akainua. Kwenye muhtasari nikaandika kwamba wote tumekubali.

Baadaye ndipo niliposoma sentensi yangu nikaona aibu. Nilimwambia kiziwi apige simu! Tena neno "ulemavu" lenyewe lilikuwa limewafungia mlango wengine. Bibi anayeumwa magoti hajioni kuwa mlemavu, anajiona mzee tu. Asiyejua kusoma vilevile, na anayeelewa Kiha kuliko Kiswahili hilo halimhusu kabisa. Nilikuwa nimeuliza mtu ni nani, badala ya kuuliza tumwandalie nini.

Mwaka jana nikabadilisha. Wiki tatu kabla ya mkutano nilituma meseji hii kwa kila mwanachama mwenye simu, si kwa wale niliowadhania tu:

"Mkutano ni Jumamosi saa 3 asubuhi. Tukuandalie nini? 1 lugha ya alama. 2 mkalimani wa Kiha. 3 mahali pasipo ngazi. 4 mtu wa kukusomea karatasi. 5 nauli ya anayekuongoza. 6 jingine, taja. Huhitaji kitu, jibu 0. Jibu kwa meseji ndani ya siku kumi."

Hiyo sifuri ndiyo iliyonisaidia kuliko yote. Bila sifuri, ukimya una maana mbili: hahitaji, au hajasoma. Kwa sifuri nilijua nani amejibu na nani bado, nikawafuata wale bado mmoja mmoja.

Hapo nikafanya kosa jingine. Wasio na simu niliwapitishia swali kwa viongozi wa vikundi. Kiongozi mmoja akanijibu palepale, hata hajaondoka kwenye chanja: "Katibu, wangu wote wazima." Hakuwa amemuuliza mtu. Nilipokwenda mwenyewe jioni nikakuta kwenye kikundi chake bibi mwenye mtoto wa jicho, ambaye mwaka juzi alitia dole gumba kwenye karatasi asiyoijua. Akaniambia, "Mwanangu, sikutaka kuwasumbua." Tangu hapo swali hili namuuliza mwenyewe mhusika, pembeni, na jibu lake sisomi mbele ya wenzake.

Majibu yalipokamilika nikaona kwa nini wiki tatu ni lazima. Namba 3 ilijibiwa na wanne. Ukumbi tuliouzoea una vidato vitatu, kila kimoja kama sentimita 15, yaani jumla 45. Nikamwita fundi atuwekee mbao za kupandia. Akaniuliza nina nafasi kiasi gani mbele ya mlango, kwa sababu mteremko salama kwa kiti cha magurudumu unataka urefu mara kumi na mbili ya kimo. Sentimita 45 mara 12 ni mita 5 na sentimita 40. Mbele ya mlango kuna mita mbili, halafu mtaro. Mbao fupi zingekuwa mteremko mkali wa kumwangusha mtu. Tukahamia ukumbi mwingine ambao sakafu yake iko sawa na ardhi. Kodi haikuzidi hata shilingi, ila kama ningejua siku mbili kabla ningekuwa tayari nimelipia ule wa ngazi.

Kazi kubwa ilikuwa namba 1. Mkalimani tulimpata Kasulu. Nilidhani nikishamtumia nauli nimemaliza. Yeye akanitumia maswali. Mkutano ni wa muda gani? Nikamwambia saa tatu. Akasema wakalimani hukaa wawili wakipokezana kila baada ya dakika ishirini hivi, maana akili na mikono huchoka, na ukalimani huanza kuacha maneno bila mkalimani mwenyewe kugundua. Pesa ya wawili hatukuwa nayo. Tukakubaliana tukate mkutano: kila nusu saa, mapumziko ya dakika kumi. Akataka pia ajenda na hesabu mapema, ajue "akidi" na "marejesho" atavionyeshaje. Akaomba asimame karibu na msemaji, dirisha lisiwe nyuma yake, maana mwanga wa ziwani ukimpiga mgongoni uso na mikono inakuwa kivuli tu.

Swali lake la mwisho ndilo lililoniumbua: "Dada, huyo mwenzenu anatumia alama zipi? Alisoma shule ya viziwi?" Sikuwa nimeuliza. Nilikwenda kwao. Wifi yake akaniambia hajawahi kukanyaga shule, wanaelewana kwa alama zao za nyumbani. Maana yake mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania angesimama pale akapunga mikono, na mwenzetu asielewe zaidi ya alivyoelewa mwaka juzi.

Mkalimani hakushangaa. Alisema aje mapema, na wifi awepo, si kama msemaji wa ndugu yake bali kama daraja. Nilishaona hatari ya ndugu kutafsiri peke yake: dakika kumi za hesabu anazifupisha kuwa "wanaongea mambo ya pesa." Siku hiyo walikaa saa nzima kabla ya mkutano, wakaweka mezani kipande cha turubai, kisado cha dagaa, na noti. Wakapatana alama ya makato, ya faida, ya kukubali na ya kukataa. Ulikuwa ukalimani wa polepole, na mambo mengine, kama tofauti ya akiba na hisa, hayakupita vizuri. Lakini turubai ilipita.

Kiha ilikuwa rahisi, tulimpata mwenzetu anayezisema lugha zote mbili vizuri, ila mwenyekiti alilazimika kujifunza kutua kila baada ya sentensi mbili. Alisahau mara nyingi. Karatasi za hesabu alizisoma kijana wa sekondari kwa sauti, kwa bibi yule na wengine sita ambao, nakumbuka vizuri, walikuwa wamejibu 0.

Kwenye ajenda ya makato mwenzetu kiziwi aliinua mkono kabla ya kura. Akashika kile kipande cha turubai, akaonyesha chanja, akatikisa kichwa. Mkalimani akasema kwa sauti: yeye anakausha kwenye chanja, hajawahi kutumia turubai la umoja, anakatwa la nini? Mweka hazina akafungua daftari. Kumbe walikuwa watano wa aina hiyo, na wanne wanaosikia walikuwa wamenyamaza mwaka mzima. Kura ikawa ya kugawa makato kwa anayetumia na asiyetumia.

Meseji ya mwaka huu nimeshaiandika. Namba 1 sasa inasomeka: "lugha ya alama, ya shule au ya nyumbani?"